Nguzo Zilizokatwa Miguu na Mistari Inayokutanishwa

Mwishoni mwa Julai 2012, kituo cha televisheni cha Fox News cha Marekani kilionyesha mchoro wa nguzo mbili. Hoja ilikuwa kodi: nini kitatokea iwapo punguzo lililopitishwa enzi za Rais George W. Bush litaachwa lifike ukomo wake. Nguzo ya kushoto, ya wakati ule, ilikuwa fupi. Nguzo ya kulia, ya tarehe 1 Januari 2013, ilikuwa ndefu kuliko mwenzake kwa zaidi ya mara tano. Aliyepita sebuleni na kutupia runinga jicho mara moja angeondoka akiamini kwamba kodi inakwenda kupanda mara tano.

Namba zilikuwepo palepale kwenye kioo, wala hazikuwa za uongo. Kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kilikuwa asilimia 35, na kingekuwa asilimia 39.6. Ila mhimili wima wa mchoro ule haukuanzia sifuri. Ulianzia 34 na kuishia 42. Kwa hiyo nguzo ya kwanza haikuonyesha 35. Ilionyesha kile kilichobaki baada ya 34 kuondolewa, yaani 1. Nguzo ya pili nayo ilionyesha 5.6. Jicho likalinganisha 1 na 5.6, ilhali habari ilikuwa 35 na 39.6.

Nafanya kazi kwenye dawati la michoro la chumba cha habari, na mchoro huu ndio ninaoanza nao kila kijana mpya anapojiunga nasi, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na kosa lake linaonekana wazi. Namwambia kwanza aache siasa. Achukue rula, apime urefu wa nguzo zote mbili, agawanye ndefu kwa fupi. Atapata 5.6. Kisha achukue namba zilizoandikwa, agawanye 39.6 kwa 35. Atapata 1.13. Kwenye mchoro wa nguzo wa haki majibu hayo mawili hulingana. Yasipolingana, kuna sehemu ya chini ya nguzo imekatwa.

Msomaji anayetaka kujua mchoro umetia chumvi kiasi gani anaweza kwenda hatua moja zaidi. Kwenye kioo ongezeko lilikuwa asilimia 460, maana kutoka 1 hadi 5.6 ni nyongeza ya 4.6 juu ya 1. Kwenye takwimu ongezeko lilikuwa asilimia 13 na kidogo, maana ile ile 4.6 safari hii imeongezwa juu ya 35. Ukigawanya 460 kwa 13.1 unapata takriban 35. Mtakwimu wa Marekani Edward Tufte ndiye aliyependekeza kipimo hiki, badiliko linaloonekana kugawanywa kwa badiliko la kweli, na mchoro mwaminifu hupata 1 au karibu yake. Huu ulipata 35.

Kwa nini nguzo inabanwa hivi na sifuri? Kwa sababu nguzo inasomwa kwa urefu wake wote, kuanzia inapokanyaga hadi kichwani. Msomaji haangalii kichwa peke yake. Anaona umbo zima, na umbo lenye urefu mara mbili ya jirani yake linamwambia kwamba kitu hiki ni mara mbili ya kile. Akili inafanya kazi hiyo kabla macho hayajafika kwenye tarakimu. Ndiyo maana kuandika namba sahihi juu ya nguzo iliyokatwa hakutoshi kuisafisha. Kwenye runinga hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa mchoro unakaa kwenye kioo sekunde chache tu na mtangazaji anazungumza juu yake.

Naongeza jambo moja kuhusu mchoro ule wa kodi, maana wengi walioukosoa waliishia kwenye mhimili tu. Asilimia 39.6 haikuwa kodi ya kila mtu. Kilikuwa kiwango cha tabaka la juu kabisa la kipato, tena kwa ile sehemu ya mapato inayovuka kikomo tu. Kilipoanza kutumika mwaka 2013, kwa mtu asiye na mwenzi kilihusu mapato yanayozidi dola 400,000 kwa mwaka. Nguzo zile hata zikirudishiwa miguu yake bado zingemtisha mwalimu wa shule ambaye kiwango kile hakikumgusa kabisa. Kurekebisha skeli hurekebisha skeli tu.

Sasa tuingie mahali ninapopapenda zaidi, kwa sababu panampa msomaji uwezo ambao wengi hawajui kwamba wanao. Mchoro wa kodi angalau uliandika 34 pembeni. Michoro mingi hufuta mhimili wote, inaacha nguzo na namba juu yake tu, na mkosoaji anabaki na hisia kwamba kuna kitu hakiko sawa bila kuwa na la kuthibitisha. Lakini mhimili ukifutwa bado unaweza kuupata. Zikiwepo nguzo mbili zenye namba, msingi uliofichwa unajitokeza wenyewe kwa hesabu hii:

```
msingi = (u × A − B) ÷ (u − 1)
```

Hapo A ni namba ya nguzo fupi, B ni namba ya nguzo ndefu, na u ni urefu wa nguzo ndefu ukigawanywa kwa urefu wa fupi, kama rula ilivyokuonyesha. Ijaribu kwa mchoro wa kodi. Chukua 5.6 mara 35, ni 196. Toa 39.6, inabaki 156.4. Gawanya kwa 4.6. Jibu ni 34, ile ile iliyokuwa imeandikwa.

Ijaribu pia mahali ambapo hapakuandikwa kitu. Mwisho wa Machi 2014, siku ya mwisho ya Wamarekani kujiandikisha kwenye bima ya afya chini ya sheria ya Rais Barack Obama, kituo kilekile kilionyesha nguzo mbili nyingine. Moja ilikuwa ya watu 6,000,000 waliokwisha kujiandikisha kufikia tarehe 27. Nyingine ilikuwa ya lengo, watu 7,066,000. Mhimili haukuwa na namba yoyote. Nguzo ya waliojiandikisha ilikuwa na urefu wa takriban theluthi moja ya nguzo ya lengo, kwa hiyo u ni kama 3. Ukihesabu kwa mamilioni, 3 mara 6 ni 18, toa 7.066 inabaki 10.934, gawanya kwa 2 unapata takriban 5.47. Maana yake nguzo zile zilianzia karibu na watu milioni tano na nusu, na watu wote hao hawakuchorwa. Kazi iliyokuwa imefikia asilimia 85 ya lengo ilionekana kama iliyofika theluthi. Baadaye kituo kilitoa mchoro uliosahihishwa.

Rula ya plastiki juu ya kioo cha simu inatosha. Unachotafuta ni uwiano, kwa hiyo haijalishi umeikuza picha kiasi gani, ili mradi unapima nguzo zote mbili bila kubadili ukubwa katikati. Tahadhari ni mbili. Pima kutoka pale nguzo inapoanzia, usipime kutoka ukingo wa picha. Na kama nguzo zimechorwa kwa mtindo wa kuonekana nene zenye kina, kama maboksi yaliyosimama, chagua ukingo mmoja na uufuate kwenye zote, maana kina kile huongeza urefu wa bandia juu. Rula ikikosea milimita moja kwenye nguzo fupi sana, jibu la msingi litayumba, kwa hiyo lichukulie kama makadirio. Kwa mchoro wa bima, kama msingi ni milioni 5.4 au 5.5 hakubadilishi kitu. Kikubwa ni kwamba si sifuri.

Ni rahisi kudhani kila mchoro wa namna hii umechorwa kwa hila. Kwa niliyoyaona kazini, mingi haitokani na hila. Inatokana na programu na haraka. Excel, ikiachwa ijichagulie mhimili, hulinganisha namba kubwa na ndogo kwenye takwimu zako. Tofauti yao ikiwa ndogo, chini ya kama sehemu moja ya sita ya ile kubwa, inaacha kuanzia sifuri na kuanzia karibu na namba ndogo. Kumbuka hiyo maana yake ni nini: mhimili unakatwa hasa pale ambapo badiliko ni dogo, pale ambapo kukata kunapotosha zaidi. Mwandishi aliyebanwa na saa ya kufunga ukurasa anabandika namba zake, anaona mchoro wenye mabonde na milima, anaridhika kwamba "unaonekana", anautuma. Hakuna aliyekusudia kudanganya, na msomaji amedanganyika vilevile.

Halafu kuna shinikizo la pili, na hili ni la watu. Mwaka 2024 mfumuko wa bei wa Tanzania ulikuwa ukitangazwa kila mwezi ama asilimia 3.0 ama 3.1, mwaka mzima. Ulipotoka 3.0 kwenda 3.1 nilichora nguzo kuanzia sifuri, na mhariri wa zamu akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Dada, hizi nguzo zote zinalingana. Msomaji ataona nini hapo?"

"Ataona zinalingana, kaka."

"Lakini kichwa cha habari kinasema umepanda."

"Basi tutazame kichwa cha habari."

Hakuwa mtu mbaya, na swali lake lilikuwa la haki. Alitaka mchoro ulingane na maneno. Tulikaa tukaangalia kilichomo ndani ya namba zile. Namba inayotangazwa kwa desimali moja imeshakadiriwa. Inayoandikwa 3.0 inaweza kuwa chochote kati ya 2.95 na karibu 3.05, na inayoandikwa 3.1 inaweza kuwa chochote kati ya 3.05 na karibu 3.15. Kwa hiyo "kupanda" huko kunaweza kuwa karibu pointi 0.2, na kunaweza kuwa kitu kidogo kiasi cha kutoonekana. Mchoro wenye mhimili wa kuanzia 2.9 hadi 3.2 ungelifanya badiliko hilo liwe mlima, na huenda mlima wote ungekuwa umetokana na kukadiria desimali. Ukiweka kando yake Desemba 2011, wakati mfumuko wa bei nchini ulipofika asilimia 19.8, mwaka wote wa 2024 unageuka kuwa mstari ulionyooka. Na hiyo ndiyo ilikuwa habari: bei zilikuwa zikipanda taratibu, kwa mwendo uleule, mwezi hadi mwezi. Kichwa cha habari kikabadilishwa, mchoro ukabaki.

Hapa lazima niweke mpaka, kwa sababu nimewaona watu wakijifunza kanuni ya sifuri kisha wakaigeuza fimbo ya kumchapia kila mtu. Kanuni hiyo ni ya nguzo, na ya maeneo yaliyojazwa rangi kuanzia chini. Mstari hausomwi kwa urefu wake kutoka sakafuni. Unasomwa kwa mteremko na kwa mahali ulipo ukilinganishwa na ulipokuwa. Daktari anayechora joto la mgonjwa kutoka nyuzi 37 hadi 39.5 haanzii sifuri, na angeanzia sifuri homa yote ingepotea ndani ya unene wa wino.

Desemba 2015 jarida la Marekani la National Review lilisambaza kwenye Twitter mchoro wa wastani wa joto la dunia, mhimili wake ukianzia nyuzi 10 chini ya sifuri za Farenhaiti hadi 110 juu ya sifuri. Mstari ulionekana umenyooka kama uzi uliovutwa, kana kwamba tangu karne ya 19 hakuna kilichobadilika. Hakuna aliyekata mhimili pale. Aliurefusha hadi badiliko likafa. Wastani wa joto la dunia hauchezi kwa makumi ya nyuzi kutoka mwaka hadi mwaka. Badiliko la nyuzi moja au mbili kwenye wastani huo ni kubwa mno, na skeli inayofaa ni ile inayoonyesha mawimbi yake ya kawaida ili msomaji aone kama kilichotokea kimetoka nje ya mawimbi hayo.

Kwa hiyo kwenye mstari siulizi kama mhimili umeanzia sifuri. Nauliza kitu hiki kwa kawaida huyumba kiasi gani. Kama mchoro unaonyesha miezi mitatu tu, natafuta miaka mitano. Mlima wa miezi mitatu mara nyingi ni tuta dogo kwenye miaka mitano, ama ni sehemu ya msimu unaorudi kila mwaka, kama bei ya mahindi inavyopanda kabla ya mavuno na kushuka baada yake. Na kama hauna kipindi kirefu zaidi cha kulinganisha, angalau soma namba za juu na chini kabisa za mhimili, utoe ya chini kwenye ya juu, ujue chumba chote ulichoonyeshwa kina ukubwa gani.

Mhimili mmoja uliokatwa una jibu sahihi. Rudisha sifuri, au rudisha mawimbi ya kawaida, mchoro unapona. Mihimili miwili wima, mmoja kushoto na mwingine kulia, kila mmoja na skeli yake, ni ugonjwa wa aina nyingine. Hapo mchoraji ana uhuru wa kuusogeza mstari mmoja juu au chini, kuunyoosha au kuubonyeza, bila kuugusa mwingine, na hakuna mpangilio hata mmoja unaoweza kuitwa wa kweli kuliko mingine. Hata sifuri zote mbili zikiwa chini, bado anachagua kilele cha kila upande.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulionekana mbele ya Bunge la Marekani tarehe 29 Septemba 2015. Jason Chaffetz, mwenyekiti wa kamati ya Baraza la Wawakilishi inayosimamia utendaji wa serikali, alikuwa akimhoji Cecile Richards, rais wa shirika la huduma za afya ya uzazi la Planned Parenthood. Akaonyesha mchoro wa mishale miwili. Mmoja, wa huduma za uchunguzi na kinga ya saratani, ulishuka kutoka juu kushoto. Wa pili, wa utoaji mimba, ulipanda kutoka chini. Ilikatana katikati kama herufi X, na upande wa kulia mshale wa utoaji mimba ukaishia juu ya ule wa saratani. Mchoro ulisambaa kwenye vyombo vya habari siku hiyohiyo. Richards alisema hajawahi kuuona, na kwamba chanzo kilichoandikwa chini yake kilikuwa Americans United for Life, kundi linalopinga utoaji mimba.

Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu utoaji mimba na bado akauona mchoro huo kwa macho makavu. Namba ziliandikwa kwenye ncha za mishale. Huduma za saratani zilikuwa 2,007,371 mwaka 2006 na 935,573 mwaka 2013. Utoaji mimba ulikuwa 289,750 mwaka 2006 na 327,000 mwaka 2013. Soma namba za upande wa kulia tena. 935,573 imekaa chini, na 327,000 imekaa juu yake. Hilo peke yake linatosha kukuambia kwamba hapo kuna skeli mbili, ingawa hakuna mhimili wima hata mmoja uliochorwa.

Lakini nataka tukae kwenye ile X, kwa sababu ndiyo iliyobeba ujumbe. Mahali mistari inapokatana msomaji anasoma tukio: siku ambayo kimoja kilikizidi kingine. Hebu tuone tukio hilo linatoka wapi. Nyoosha mistari kati ya mwaka 2006 na 2013. Upande wa kushoto weka skeli ya huduma za saratani kutoka sifuri hadi 2,100,000, na usiiguse tena. Upande wa kulia weka skeli ya utoaji mimba, na hiyo tuibadilishe.

Ukiipanga kulia kuanzia 280,000 hadi 330,000, mistari inakatana mwanzoni mwa 2010. Ukiipanga kuanzia 200,000 hadi 400,000, inakatana mwanzoni mwa 2011. Ukianzia sifuri hadi 350,000, jambo ambalo lingempendeza kila anayeshika kanuni ya sifuri, inakatana katikati ya 2007. Na ukianzia sifuri hadi 1,000,000, haikatani kabisa. Takwimu ni zilezile nne, hakuna iliyoguswa. Mwaka wa tukio umetoka kwenye mkono wa mchoraji. Nimeifanya hesabu hii ubaoni mara nyingi mbele ya waandishi, na kila mara kuna anayeniomba nirudie ile ya kuanzia sifuri, kwa kuwa ndiyo inayomshangaza: alidhani sifuri ingemlinda.

Njia ya kuupima mchoro wa namna hii ni kuuchora upya kwa skeli moja, na kuna skeli mbili za haki unazoweza kuchagua. Ya kwanza ni hesabu ghafi, vitu vyote viwili kwenye mhimili mmoja. Kwenye karatasi, ukifanya sentimita moja iwe huduma 100,000, mstari wa saratani unaanza sentimita 20 kutoka chini na kuishia kwenye sentimita 9.4. Mstari wa utoaji mimba unaanza sentimita 2.9 na kuishia sentimita 3.3. Mmoja unashuka kwa kasi, mwingine unakaribia kulala, na kati yao mwishoni kuna nafasi ya zaidi ya sentimita sita. Haikaribiani hata kugusana.

Ya pili ni kuvifanya vyote viwili vianze na 100 mwaka 2006, kisha kuonyesha kila kimoja kimefika wapi kwa kujilinganisha na mwanzo wake. Huduma za saratani zinafika karibu 47. Utoaji mimba unafika 113. Hii inafaa swali linapokuwa ni kipi kimebadilika zaidi, na hasa unapolinganisha vitu visivyo na kipimo kimoja, kama bei ya petroli kwa shilingi na bei ya mafuta ghafi kwa dola. Hapa pia mchoraji anachagua kitu, yaani mwaka wa kuanzia, na mwaka wa kuanzia ukiwa wa ajabu kila kinachofuata kitaonekana cha ajabu. Lakini uchaguzi huo uko wazi, umeandikwa, na msomaji anaweza kuuliza kwa nini umechaguliwa mwaka ule.

Mihimili miwili ninayoikubali ni ile ya kitu kimoja kilichoandikwa kwa vipimo viwili: Selsiasi kushoto na Farenhaiti kulia, kilo huku na pauni kule. Hapo mstari ni mmoja, na namba za kulia zinalazimishwa na za kushoto. Mistari ikiwa miwili na mihimili miwili, mimi huomba michoro miwili, mmoja juu ya mwingine, ikishiriki miaka ileile chini. Msomaji ataona vyote viwili, ila hatapewa mkutano ambao haukutokea.

Mchoro wa Chaffetz ukishachorwa upya bado una mambo mawili ambayo skeli haiwezi kuyatibu. La kwanza ni kwamba mishale ile iliunganisha miaka miwili tu. Kati ya 2006 na 2013 kuna miaka sita isiyoonyeshwa, na mshale ulionyooka unadai kwamba kila mwaka badiliko lilikuwa sawasawa. Anayetaka kujua lazima arudi kwenye taarifa za kila mwaka za shirika lenyewe na kujaza miaka iliyorukwa. Tabia hii ya kuchora ncha mbili na kuacha katikati utaikuta pia kwenye michoro ya mapato ya serikali, ya ajali za barabarani, ya matokeo ya mitihani. Ukiona mstari usio na nukta katikati yake, tafuta jedwali.

La pili ni sababu. Ile X ilimfanya mtazamaji aone kubadilishana, kana kwamba chumba cha kupimia saratani kilifungwa ili kifunguliwe cha kutolea mimba. Lakini katika miaka hiyo ushauri wa kitabibu kuhusu kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi ulibadilika nchini Marekani. Wanawake waliokuwa wakipimwa kila mwaka walianza kushauriwa, kwenye miongozo ya mwaka 2009 na zaidi ya mwaka 2012, kupimwa kwa nafasi ndefu zaidi. Jopo la kitaifa la Marekani la huduma za kinga lilipendekeza mwaka 2012 kwamba wenye umri wa miaka 21 hadi 65 wapimwe kipimo hicho kila baada ya miaka mitatu. Mwanamke yuleyule, akiwa mteja wa kliniki ileile na akifuata ushauri bora uliopo, anahesabiwa mara moja pale alipokuwa akihesabiwa mara tatu. Ni sehemu gani ya mteremko wote inatokana na hilo, ncha nne za mishale miwili haziwezi kusema, iwe kwenye skeli mbili au kwenye moja.